Naomba ushauri: nibadilishe jina la video wakati bado inahesabu watazamaji?

Mchumaji_Mtambwe (Ijumaa, saa 8:40 mchana)
Assalamu alaykum wanajamvi. Mie niko Wete, nina chaneli ndogo YouTube ya mambo ya shamba. Jana Alhamisi saa 12 jioni nilipandisha video ya karafuu, dakika 11, nikaipa jina "Karafuu za Pemba: Kutoka Mtini Hadi Jamvini". Hadi saa 8 usiku ilikuwa imeonyeshwa mara 2,000 na waliobonyeza ni asilimia 3 tu. Kawaida yangu huwa 5. Waliofungua walitazama dakika 4 kwa wastani, na hilo kwangu ni zuri.
Nilichotaka kuuliza: nikibadilisha jina mapema hivi, hesabu ya watazamaji inaanza upya? Usiku namba iliganda kwenye 96 kwa muda mrefu, nikaingia hofu. Naomba anayejua anisaidie, maana video hii imenichukua wiki tatu.

Nahodha_Kojani
Usiguse! Ukibadilisha jina YouTube inaichukulia kama video mpya, inarudi mwisho wa foleni. Mie nilibadilisha majina mara nne siku moja, video ikafa kabisa. Tangu siku hiyo jina naliandika mara moja, basi.

MamaSalha
Kwa upande wangu nilifuta video ya mkate wa kumimina nikaipandisha tena kwa jina zuri zaidi. Ilikuwa na watazamaji 4,000 na maoni ya watu wa Mombasa, Muskat na Dubai, wakiuliza kwa nini mikate yao haitoki matundu. Yote yalipotea. Kuna dada aliandika kuwa mamake ndiye aliyekuwa akimpikia, na sasa ni marehemu. Maoni yake sitayaona tena. Usifute, mwanangu.

FundiKamera_Bububu
Mama Salha amesema kweli, ila kufuta ni jambo moja na kubadilisha jina ni jambo jingine. Ukibadilisha jina, anwani ya video inabaki ileile, watazamaji na maoni wanabaki, hakuna kinachorudi sifuri. Na namba kuganda hakutokani na jina. YouTube hukagua kama watazamaji ni watu kweli, ndiyo maana mwanzoni namba husimama halafu ikaruka. Hadi 2015 video nyingi zilikuwa zikisimama kwenye 301, wa zamani wanakumbuka.
Nahodha, hakuna foleni. Mfumo hauangalii kwamba umebadilisha jina, unaangalia watu wanafanya nini wakiliona jina jipya. Lakini umepatia kitu kimoja: mara nne kwa siku ni kosa, kwa sababu hata wewe mwenyewe hukujua lipi lilifanya kazi na lipi liliua.
Mchumaji, namba ulizotoa ni za saa 8 usiku. Sasa ni mchana. Fungua Studio, kile kisanduku cha video ya mwisho, utuambie `Impressions click-through rate` inasemaje sasa hivi.

Mchumaji_Mtambwe
Ahsante fundi. Sasa imeonyeshwa mara 5,000, waliobonyeza asilimia 5.4, wastani wa kutazama dakika 1 na sekunde 44.

FundiKamera_Bububu
Asilimia haipandi kutoka 3 hadi 5.4 yenyewe. Video ikitoka kwa wanaokufuata ikaenda kwa wageni, mara nyingi hushuka. Umeshabadilisha, sivyo? Saa ngapi, na jina gani?

Mchumaji_Mtambwe
Ni kweli, nilibadilisha saa 8 usiku ileile. Sikulala. Jina la sasa ni "NIMENASA MAGENDO YA KARAFUU PEMBA USIKU". Lakini angalieni, watu wanabonyeza! Na mle ndani kuna mahali mzee mmoja anataja magendo ya zamani. Kwa hiyo si uongo mtupu. Nilitaka tu kujua kama niliache hivyo au niongeze neno.

Bi_Mkubwa_Chake
Anataja kwa muda gani huyo mzee?

Mchumaji_Mtambwe
Sekunde kama ishirini hivi, dakika ya 8.

Bi_Mkubwa_Chake
Na wanaoonekana muda wote uliobaki ni nani?

Mchumaji_Mtambwe
Kina mama wanaochambua karafuu. Majirani. Na mama mkubwa wangu.

Bi_Mkubwa_Chake
Subhanallah. Mwanangu, umeandika magendo juu ya sura ya mama mkubwa wako. Mtu wa Tanga au Dar hamjui, ataona mwanamke amekaa mbele ya jamvi la karafuu na juu yake limeandikwa neno hilo. Karafuu hapa zinanunuliwa na serikali, na kila mtu kisiwani anajua kuuza kwa mlango wa nyuma ni kesi. Alikuruhusu kumpiga picha akichambua. Hilo jina alikuruhusu?

Darubini
Samahanini, mie siamini uzi huu. Namba zimenyooka mno: 2,000, 5,000. Halafu kisa kinakuja kidogokidogo kama tamthilia. Huyu anatangaza chaneli yake tu. Tena hizo asilimia Studio haitoi ndani ya saa nane, hutoka baada ya siku mbili.

Nahodha_Kojani
Hata mie nimeanza kushuku. Weka namba kamili.

Mchumaji_Mtambwe
Ndugu Darubini, sijataja jina la chaneli wala sijaweka kiungo. Namba nilizikata ili zisomeke: ni 1,987 na 5,014. Na kama karafuu ndizo unazoshuku, video nilipiga msimu uliopita. Tulikuwa na majamvi manne uani, siku ya tatu ya kuanika, zimeshaanza kugeuka rangi ya udongo mwekundu, lakini ukiivunja moja kwa kucha bado inapinda. Ghafla upepo ukageuka kutoka baharini. Mama mkubwa akanyanyua pua tu, akasema "Mvua hiyo", na hakukuwa na wingu. Wote wakaacha makonyo walipo, wakashika majamvi kwa ncha, mbio ndani. Mie nilikuwa na kamera mkono mmoja na ncha ya jamvi mkono mwingine. Picha inatikisika mpaka mwisho. Mtu hatungi hayo.

FundiKamera_Bububu
Darubini, grafu ya wapi watu wanaacha kutazama ndiyo huchelewa siku moja au mbili. Kile kisanduku cha mwanzo huonyesha mapema kuliko hapo. Mie namwamini.
Sasa tupige hesabu, maana namba za kisanduku ni za jumla tangu video ipande. Jina la zamani na jipya zimechanganyika humo, lazima uzitenganishe.
Jina la kwanza: mara 1,987 kwa asilimia 3, ni kama watu 60. Jumla ya sasa: mara 5,014 kwa asilimia 5.4, ni kama watu 270. Kwa hiyo jina la magendo limeonyeshwa kama mara 3,000 na limebonyezwa na watu kama 210. Hiyo ni asilimia 7. Hapo ndipo furaha yako inapotoka.
Geukia muda. Watu 60 kwa dakika 4 ni dakika 240. Watu 270 kwa dakika 1 na sekunde 44 ni dakika 468. Toa 240, zinabaki dakika 228 za watu 210. Kila mmoja alikaa dakika moja na sekunde tano hivi.
Kwa hiyo kila jina la kwanza lilipoonyeshwa mara mia, ulipata watu 3 na dakika 12 za kutazama. Jina la pili likionyeshwa mara mia, unapata watu 7 na dakika saba na nusu. Wanaingia wengi, wanatafuta magendo, hawayaoni, wanatoka. Waliotoka WhatsApp nimewaacha, kwa kuwa wao hawahesabiwi kwenye kuonyeshwa, basi chukua haya kama makadirio. Na usiku walikuwa wanaokufuata, mchana ni wageni. Wageni hukaa kidogo hata jina likiwa safi. Sehemu ya anguko ni yao. Kiasi gani, kwa namba hizi huwezi kujua.

Mchumaji_Mtambwe
Lakini fundi, si bora watu 7 kuliko 3? Wakifika, baadhi watabaki.

FundiKamera_Bububu
Soma maoni yako. Yanasemaje?

Mchumaji_Mtambwe
Saba kati ya tisa: "Magendo yako wapi?"

FundiKamera_Bububu
Basi. Tena jina linaloahidi kisichokuwemo linavunja sheria ya YouTube yenyewe, wanaweza kuiondoa video.
Sikuambii urudi kwenye jina la kwanza. Ulikuwa sahihi kwamba lilikuwa dhaifu: wanaoingia wanakaa, wasioingia ni wengi. Hali hiyo ndiyo inayofaa kubadilishwa jina mapema, kabla video haijamaliza kupelekwa kwa watu. Tatizo linakuwa mlangoni, ndani hakuna ubaya. Ingekuwa wanaingia wengi na kutoka haraka, jina jipya lisingekusaidia kitu.
Na jina umeshaliandika mwenyewe hapo juu. "Mvua Ikaja Karafuu Ziko Jamvini". Hiyo mvua iko dakika ya ngapi?

Mchumaji_Mtambwe
Ya 3 na kitu. Mwanzo kuna sekunde 50 za mandhari ya Mtambwe kwa juu.

FundiKamera_Bububu
Hizo 50 zikate ndani ya Studio, anwani haibadiliki. Badilisha jina leo, halafu kava usiliguse mpaka Jumapili. Ukibadili vyote viwili hutajua kipi kimefanya kazi. Andika kwenye karatasi saa na namba zote tatu kabla ya kubonyeza hifadhi, kama tulivyohesabu hapa.

MamaSalha
Na wale waliopata kengele usiku, watapata kengele nyingine kwa jina jipya?

FundiKamera_Bububu
Hapana, kengele hulia mara moja tu video ikitoka. Umenikumbusha jambo. Mchumaji, ulituma kiungo kwenye makundi?

Mchumaji_Mtambwe
Asubuhi. Kundi la shehia na kundi la familia.

FundiKamera_Bububu
Basi huko litabaki limeandikwa magendo hata ukibadilisha YouTube. WhatsApp inachukua jina wakati unatuma, hailiangalii tena. Nenda ukafute kwa wote, bado hujapitisha siku mbili.

Darubini
Nimerudi kusoma. Hiyo ya "Mvua hiyo" na hakuna wingu, nyanya yangu Mkoani alikuwa hivyohivyo. Niwie radhi.

Mchumaji_Mtambwe (Ijumaa, saa 3:15 usiku)
Nimefuta kwenye makundi yote mawili. La familia nilichelewa, binamu alikuwa ameshamwonyesha mama mkubwa. Nimekwenda kwake baada ya magharibi. Hakugomba. Aliniuliza tu kama jina linafutika, nikambadilishia mbele yake kwenye simu, akataka nimsomee mara mbili.
Kabla ya kubonyeza nimeandika: 6,240, asilimia 5.9, dakika 1 na sekunde 31. Tangu hapo inaonyeshwa polepole kuliko mchana, sijui ni jina au ni usiku. Mpaka sasa mara 410, waliobonyeza kama 19. Fundi, hiyo ni kama asilimia 4.6, au nimekosea kutoa?

FundiKamera_Bububu
Umepatia. Lakini 19 ni wachache mno, mtu mmoja tu akiongezeka inabadilika. Ngoja zifike mara elfu mbili kama za mwanzo, ndipo uzilinganishe.

Nahodha_Kojani
Na ile video yangu iliyokufa, nikibadilisha jina leo baada ya mwaka mzima, itafufuka?