Tupeane uzoefu: mashine ya sauti ya Kiingereza inavyotuharibia majina na maneno yetu

Karani_wa_Ushirika
Ndugu zangu, nafanya kazi kwenye ushirika wa akiba na mikopo huku Upare. Mwaka jana tuliweka huduma ya simu: mwanachama anapiga, anabonyeza namba yake ya uanachama, mashine inamjibu kwa sauti. Wengi wa wanachama wetu ni wazee, macho hayasomi tena meseji, ndiyo maana tuliihangaikia. Fundi aliyetuunganishia aliacha sauti ya Kiingereza, akasema itasoma chochote tutakachoandika. Ujumbe wetu mmoja ni huu, jina nimeweka la mfano:

```
Habari Bi. Neema, mkopo wako uko approved. Fika ofisi ya Same kabla ya Nane Nane. Pole kwa usumbufu.
```

Niliupiga mwenyewe nikasikiliza mara tatu. Ilisema "Bai", ikatulia kana kwamba sentensi imekwisha, halafu "Nima". Mkopo ukawa "em-koupou". Wako ukawa "weikou". Kisha neno la Kiingereza likatoka safi kabisa. Ofisi ya Same ikawa ofisi ya "seim", Nane Nane ikawa "nein nein", na pole ikawa "poul". Mama mmoja alikuja dirishani kuuliza kwa nini tumempigia simu ya Wazungu. Mkopo wake ulikuwa tayari siku 9 zilizopita, hakujua.

Naomba tupeane uzoefu. Nani mwingine yamemkuta, na alifanyaje?

Dereva_Kimara
Mimi ramani ya kwenye simu. Mwenge inasema "mwenji", Tegeta inasema "tijita". Nilipoanza kazi nilipitiliza kona mara mbili na abiria ndani, nasubiri nisikie Mwenge. Siku hizi nimezima sauti, natazama mshale tu. Lakini usiku barabarani kutazama kioo siyo salama, hilo naliona.

Mwalimu_Zainabu
Pole sana, Karani. Na mimi simu yangu hainielewi kabisa. Nikiiambia "mpigie Mwanaidi" inampigia mtu mwingine. Nimejaribu kusema polepole, wapi.

Msikilizaji_NVDA
Mwalimu, lako ni la upande wa pili, simu kukusikia wewe. Karani anazungumzia simu kutamka. Ni mitambo miwili tofauti, ukirekebisha mmoja mwingine unabaki vilevile.

Karani, mimi sioni, na kompyuta yangu inanisomea kila kitu kwa sauti, kwa hiyo haya nayaishi tangu asubuhi hadi usiku. Nikueleze inavyokwenda. Mashine ikipata neno, kwanza inalitafuta kwenye kamusi yake ya matamshi. Ikilikosa ndipo inakisia kwa kanuni za herufi za Kiingereza. Neema haimo kwenye kamusi, ikakisia: kwa Kiingereza "ee" ni "i" ndefu, basi ikawa Nima. Kwetu ni silabi tatu, ne-e-ma, na mkazo uko kwenye ile "e" ya katikati. Mkopo nao umeshinda kanuni kwa sababu Kiingereza hakina neno linaloanza na "mk", ndiyo maana imeisoma "m" kama herufi ya alfabeti.

Sasa angalia Same na pole. Hayo mashine haikukisia hata kidogo. Imeyakuta kwenye kamusi yake yameandikwa herufi kwa herufi, ikaona ni maneno ya Kiingereza inayoyajua. Kwangu hayo ndiyo mabaya zaidi. Neno lililokisiwa vibaya huwa linasikika geni, unashtuka na kurudia. "Poul" haikushtui, unadhani ni neno jingine. Tafuta kwenye ujumbe wako maneno ya aina hiyo kwanza: pale, wake, mate, vile, kale. Ni mengi kuliko unavyofikiri.

Fundi_Mitambo
Tatizo ni kwamba sauti ya Kiingereza haina sauti za Kiswahili. Haina ng', haina dh, haina gh. Huwezi kuifundisha. Badilisha mashine nzima.

Msikilizaji_NVDA
Kwenye gh uko sahihi, Kiingereza hakina, na "r" yetu pia hakina. Lakini dh wanayo, ndiyo ile ya neno lao "this". Na ng' wanayo mwishoni mwa neno kama "sing", ila hawaianzishi neno. Kwa hiyo mashine ina uwezo wa kuitoa, tatizo ni kwamba maandishi hayaiambii. Ukiiandikia kwa alama za fonetiki, sauti nyingi za kulipiwa zinaitamka vizuri tu. "Ghati" ndilo ambalo hutalipata kwa njia hiyo.

Wa_Kiambu
Hiyo ng' imenitesa mimi. Natunza orodha ya wazazi wa shule, kuna ujumbe wa sauti wa kuwakumbusha mikutano. Ng'ang'a mmoja alikuwa anasomwa sawa na mwingine anasomwa "en-ji, ang, a". Jina ni lile lile! Nilikaa nalo jioni nzima. Kumbe moja liliandikwa kwa alama iliyonyooka na la pili kwa alama iliyopinda, ile simu inayoweka yenyewe:

```
Ng'ang'a   (U+0027)
Ng’ang’a   (U+2019)
```

Kwa macho huoni tofauti. Nilibadilisha zote ziwe zilizonyooka, na sauti nikaweka ya Kiswahili cha Kenya, tangu hapo Ng'ang'a na Ochieng' wote wako sawa.

Karani_wa_Ushirika
Asante, sikuwa nimeliwaza hilo. Nimeangalia daftari letu, ng' zilizopinda zipo 14.

Nilichojaribu wiki hii ni kuandika Same kama "Sah-meh" ili Mwingereza aisome vizuri. Imekubali. Neema nimeiandika "Neh-eh-mah", imekubali nusu, inaweka mkazo mwanzoni. Niendelee hivyo?

Msikilizaji_NVDA
Kwa maneno matano, endelea. Kwa daftari zima, hapana. Tahajia ya kubandika inategemea sauti hiyo hiyo moja, wakiibadilisha huko wanakoitengeneza unaanza upya. Mimi nilifanya kosa hilo kwenye NVDA, programu inayonisomea kompyuta. Niliweka pole isomwe "poleh" kwenye kamusi ya jumla, ambayo inatumika kwa sauti zote. Nikihamia sauti ya Kiswahili, nayo ikawa inasoma "poleh". Na makala ya Kiingereza kuhusu nguzo za umeme ikajaa "poleh". Ilinibidi niifute na kuiweka kwenye kamusi ya sauti moja tu.

Ninachofanya sasa ni kubadilisha sauti yenyewe. eSpeak NG inayokuja na NVDA inacho Kiswahili. Sauti yake ni kavu, ya chuma, lakini majina haikosei, kwa sababu kanuni zetu za kusoma ni nyepesi: kila herufi na sauti yake, mkazo silabi ya pili kutoka mwisho. Nabonyeza NVDA+Control+mshale mpaka nifike kwenye sauti, nahama. Meseji za watu hazina alama ya lugha, kwa hiyo kuhama nafanya kwa mkono.

Wewe una bahati, ujumbe unauandika mwenyewe. Uwekee lugha, na Kiingereza kilichochomekwa kitoe:

```xml
<speak version="1.1"
  xmlns="http://www.w3.org/2001/10/synthesis"
  xml:lang="sw-TZ">
Habari Bibi Neema, mkopo wako umeidhinishwa.
Fika ofisi ya Same kabla ya Nane Nane.
</speak>
```

Angalia mambo mawili. Bi. nimeiandika Bibi, kwa sababu ile nukta inaweza kusomwa kama mwisho wa sentensi hata kwenye sauti ya Kiswahili. Na hakikisha mtambo wenu una sauti ya Kiswahili kweli. Alama ya lugha haimfundishi Mwingereza Kiswahili. Akikosekana wa kusoma, mtambo unaweza kuipuuza alama, kubadilisha sauti, au hata kuruka maandishi. Ukisikia ukimya mahali pa jina, anzia hapo.

Karani_wa_Ushirika
Nimejaribu leo mchana. Nilisimama uani nikaisikiliza kwa simu ndogo ya batani, maana ndiyo wanayotumia wazee. "Ofisi ya Same." Nilisisimka kwa kweli.

Kiasi cha fedha nimeamua tukiandike kwa maneno, "shilingi laki mbili na nusu", badala ya 250,000/= ambayo ilisomwa na mkwaju mwishoni. Muda pia. Tulikuwa tunaandika 2:30 tukimaanisha saa nane na nusu mchana, na mzee akisikia "mbili na nusu" anafika asubuhi.

Lakini sasa limezuka jingine. Karibu nusu ya wanachama wetu wana majina ya ubatizo. Sauti ya Kiswahili inasoma Grace "gra-che", na Joyce sijui hata niiandike vipi ilivyotoka.

Fundi_Mitambo
Ndiyo maana nikasema. Changanya sauti mbili: jina la Kizungu lipe sauti ya Kizungu, linalobaki la Kiswahili.

Msikilizaji_NVDA
Mimi siipendi hiyo. Katikati ya sentensi moja mtu anabadilika kuwa mtu mwingine, wa kike anakuwa wa kiume, kasi inabadilika. Nasikiliza siku nzima, inachosha. Bora safu ya pili kwenye daftari: jina lilivyoandikwa, na jina linavyosomwa. Greisi. Joisi.

Wa_Kiambu
Mimi natumia mbili na wazazi hawajalalamika. Labda kwa ujumbe mfupi haisumbui.

Binti_wa_Unguja
Niruhusuni na mimi. Baba yangu ni Makame. Hospitali tunayompeleka kuna spika inaita wagonjwa, sauti ya Kiingereza. Iliita "Makeim" mara tatu. Baba yuko pale pale kwenye kiti, anasubiri jina lake. Akapitwa na zamu, tukakaa hadi saa tisa mchana kwa mtu mwenye sukari ambaye hajala. Mashine yao siwezi kuibadilisha. Kuna namna ya kuwasaidia?

Karani_wa_Ushirika
Pole dada yangu, pole sana. Muulize karani wa mapokezi kama wanaandika jina la kuita peke yake, mbali na la kwenye cheti. Kama ni hivyo, hiyo ya kuita iwe "Mah-kah-meh". Lakini ijaribu kwanza kwenye simu yako ukiiweka kwenye sauti ya Kiingereza, usiwapelekee kitu hujakisikia.

Binti_wa_Unguja
Nimejaribu usiku huu. "Mah-kah-meh" inavutika mwishoni, kama "mei". Nikaondoa kistari cha mwisho, "Mah-kahmeh", ikakaa vizuri zaidi. Nimemchezea baba bila kumwambia kitu, akaitika "labeka". Alhamisi ana kliniki, nimeiandika kwenye karatasi nimpelekee karani dirishani.