glmS inajikata yenyewe au kuna protini imejificha?

Mchokonozi: Je, RNA ya glmS inatosha kuthibitisha kwamba RNA peke yake inahisi molekuli ndogo na pia inachochea mmenyuko?

Tumbili: Inatosha. Kwenye Bacillus subtilis ipo mwanzoni mwa mRNA ya kimeng'enya kinachotengeneza glukosamini-6-fosfati. Sukari hiyo ikizidi, RNA inajikata, mRNA inamegwa, uzalishaji unapungua. Watafiti kina Breaker walilionyesha hilo 2004, ndani ya mrija usio na seli.

Kisiki: Yaani sukari inaingia, RNA inabadili umbo, ndipo inakata. Riboswichi zote, yaani RNA zinazohisi molekuli ndogo, ziko hivyo.

Nasra: Hii sivyo, Kisiki. Umbo la glmS liko tayari kabla sukari haijafika. Sukari inaleta kundi lake la amini pale pa kukatia, na amini hiyo inashiriki kwenye kemia yenyewe. Jaribu glukosi-6-fosfati, yenye haidroksili mahali pa amini: inakaa palepale, RNA haikatiki, na ile sukari halisi inazuiwa kuingia.

Mchokonozi: Ribonukleasi za familia ya A, protini zinazokata RNA, zimejaa hata vidoleni, na ncha za vipande zinavyoacha zinafanana na za vipande vyenu. Mnajuaje si hizo zilizokata?

Nasra: Hizo hukata baada ya herufi C au U za RNA. glmS inakata sehemu moja, kati ya A na G. Ukiweka EDTA ya kutosha kubeba magnesiamu yote, glmS inasimama; ribonukleasi A inaendelea bila shida. Na uchafu wake ungeacha ukungu wa vipande kwenye jeli, si mistari miwili safi.

MpigaJeli: glmS yangu inakatika bila tone la sukari. Magnesiamu milimola 10, Tris milimola 50, pH 7.5. Hiyo kuhisi iko wapi?

Tumbili: Iko kwenye bafa yako, ndugu. Tris nayo ina amini, na inaichochea glmS, ingawa kwa udhaifu. Rudia kwa bafa ya HEPES. Tena bafa ya kunakili RNA kwa kawaida ni ya Tris, kwa hiyo angalia sampuli ya dakika sifuri: mstari mfupi ukiwepo tayari, RNA ilikatika kabla hujaanza.

Kisiki: Mmehamia kwenye bafa! Kitu kinachojikata mara moja kikaisha si kichocheo.

Nasra: Kitenganishe vipande viwili: uzi mfupi wenye mahali pa kukatwa, na kiini kando. Kiini kinakata uzi mmoja, kinauachia, kinashika mwingine.

Kisiki: Bado amini ni ya sukari. "Peke yake" imeondoka.

Nasra: Vimeng'enya vya protini vinavyotegemea koenzaimu, molekuli ndogo ya msaada, umevivua cheo lini?

Mchokonozi: Lakini mimi niliuliza peke yake, dada. Hapo Kisiki ana haki.

MpigaJeli: pH ya HEPES niirekebishe kwa kitu gani?

Tumbili: KOH. Usithubutu kutumia Tris.