Kuendesha feni na shata la paa kwenye kitalu nyumba, Pongwe: STC-1000 mbili au ESP32?

mkulima_pongwe
Wakuu salaam. Nina kitalu nyumba cha nyanya hapa Pongwe, mita 8 kwa 15. Feni ya kutoa hewa iko ukuta wa mwisho, ukuta wa mbele ni neti, na juu kuna shata la paa linalosukumwa na mota ya volti 24 inayojizima yenyewe ikifika mwisho. Mpaka leo kijana anafungua na kuwasha kwa mkono. Nataka vijiendeshe, na nimeletewa mapendekezo mawili.

La kwanza ni vidhibiti joto viwili vya STC-1000, kimoja cha shata na kimoja cha feni, na kidhibiti kidogo cha unyevu cha kuwasha feni ukipita asilimia 80. La pili ni bodi ndogo ya kompyuta ya ESP32 yenye vihisi, na kuna mtu wa kuniandikia programu. Lipi linafaa pwani hii?

hewa_bure
Chukua la kwanza, mkuu. Programu shambani ni kujitafutia kesi, siku mwandishi akihama Tanga umekwama. Weka 28 kote, joto likipita shata lifunguke na feni iwake kwa pamoja. Nyanya joto kali linaangusha maua, kwa hiyo hewa kadiri inavyozidi ndivyo bora.

fundi_kontakta
Hewa_bure, kwenye maua uko sahihi. Kwenye 28 na kwenye "kwa pamoja", hapana.

Feni inaleta hewa ya nje, basi. Haiwezi kushusha joto la ndani chini ya la nje. Msimu wa kaskazi, Februari mchana, nje penyewe ni 31 au 32. Ukiweka 28, feni itawaka asubuhi na kuzimwa na usiku, na LUKU itakuambia.

La pili ni kubwa zaidi. Feni ikiwaka huku shata liko wazi, hewa inapita njia fupi: inashuka kutoka paani na kutokea kwenye feni. Nyanya za upande wa neti hazipati kitu. Mkulima, jaribu mwenyewe. Washa udi wa mbu katikati ya matuta, kimo cha mimea, ukiwa na shata wazi na feni inafanya kazi. Kisha funga shata uangalie tena. Moshi ukilala kuelekea kwenye feni, ndiyo hali unayoitaka.

Kwa hiyo ni hatua mbili. Joto likianza kupanda, shata peke yake linafunguka na hewa moto inajitokea juu bila umeme wa maana. Likizidi, shata linafungwa ndipo feni inawaka na kuvuta hewa kupitia neti.

mkulima_pongwe
Hili sikulijua, kijana huwa anawasha vyote. STC-1000 inaweza hatua hizo?

fundi_kontakta
Inaweza, na si kwa shida. Ina rilei mbili, ya kupoza na ya kupasha. Ya shata iwekee 30 na tofauti 1.5: ikifika 31.5 rilei ya kupoza inasukuma shata wazi, ikishuka 28.5 rilei ya kupasha inalifunga. Katikati mota haiguswi. Ya feni iwekee 32 na tofauti 2, iwake 34 na izime 32. Feni isipite kwenye rilei ya kidhibiti moja kwa moja. Mota yake ikianza inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida, na meno ya rilei yataungana siku moja feni isizimike tena. Rilei iwashe kontakta, yaani swichi nzito ya umeme, halafu mguso wake wa ziada uulazimishe mzunguko wa shata kufunga kila feni inapowaka.

Mpaka hapo pendekezo la kwanza linatosha. Kinachoniogopesha ni kile kidhibiti cha unyevu.

dada_lushoto
Samahani naingilia. Huku Lushoto usiku tunafunga kila kitu, baridi inachelewesha mche. Mtu wa Tanga anaweka hita ya ukubwa gani?

hewa_bure
Dada, Pongwe hita ya nini tena 😂 Wao wanatafuta kupoa.

fundi_kontakta
Swali lako fungulia uzi wake dada, huko juu mambo ni mengine. Ila usiku ndipo penyewe.

Usiku Tanga unyevu wa nje mara nyingi unapita asilimia 85. Ukisema feni iwake ndani ikipita 80, itazunguka usiku kucha ikibadilisha hewa mbichi kwa hewa mbichi. Asilimia inadanganya kwa kuwa inategemea joto. Linganisha gramu za maji kwenye mita ya ujazo ya hewa, ndani na nje. AH ni gramu hizo, RH ni asilimia ya unyevu, T ni joto kwa Selsiasi:

```
AH = 216.7 * (RH/100 * 6.112
     * exp(17.62*T/(243.12+T))) / (273.15+T)
```

Chukua saa nne asubuhi. Ndani 31 na asilimia 80, ni gramu 25.6. Nje 28 na asilimia 78, ni 21.2. Tofauti inazidi gramu 4, fungua. Sasa alfajiri: plastiki imepoa kwa kutazama anga, ndani 23 na asilimia 97, ni gramu 19.9. Nje 24 na asilimia 90, ni 19.5. Karibu sawasawa, tena hewa ya nje ina joto zaidi na inaingia kwenye majani baridi. Unaweza kuongeza umande badala ya kuupunguza.

Kulinganisha hivyo kunataka kihisi ndani na kihisi nje, na STC-1000 haina uwezo huo. Hapo ndipo ESP32 inapolipa. Hata joto la feni unaliweka kwa kulipima na la nje, mfano iwake ndani ikizidi nje kwa 4, badala ya namba moja ya mwaka mzima.

zinga_shambani
Bagamoyo hapa, Zinga. Niko na ESP32 na DHT22. Baada ya miezi kihisi kiliganda kwenye 99.9, mchana kweupe na jua. Feni ikawa haizimi. Nilidhani ni programu.

fundi_kontakta
DHT22 ikikaa kwenye unyevu mwingi muda mrefu huwa hivyo. Tumia SHT31, ina kijipasha chake cha ndani cha kuikausha ukitaka. Na kwenye programu, kihisi kikisoma zaidi ya 99 saa kadhaa mfululizo huku jua linawaka, kipuuzwe na mfumo uendeshwe na joto tu. Umekiweka wapi?

zinga_shambani
Kwenye nguzo, juu kidogo ya mimea. Jua linakipata asubuhi.

fundi_kontakta
Basi hata joto lako si la hewa, ni la jua. Kiweke ndani ya bomba jeupe la PVC, feni ndogo ya kompyuta ivute hewa kupita juu yake.

mkulima_pongwe
Nimeelewa. Nafikiria STC-1000 za hatua mbili zibaki kama zilivyo, ESP32 iongezwe kwa unyevu tu. Ikifa, joto bado linashughulikiwa.

hewa_bure
Hapo nakubali. Lakini alfajiri majani yakiwa na maji, si bora feni izungushe tu hewa ya ndani?

fundi_kontakta
Feni ndogo za kuzungusha, ndiyo, watu wanazitumia na majani yanakauka mapema. Hii yake ya ukutani inatoa nje, haizungushi. Kama zinalipa umeme kwenye mita 120 za mraba, sijaona hesabu ya mtu wa pwani. Zinga, wewe umejaribu?

zinga_shambani
Bado. Nina mbili stoo, nitazifunga upande mmoja tu, mwingine niuache bila.

mkulima_pongwe
Tuletee. Na shata langu linafungukia kusini, upepo wa kusi utalipiga?

fundi_kontakta
Utalipiga, na mvua ya masika itaingia. Geuza lifungukie kaskazini kabla hujafunga waya wowote. Ukishindwa, weka kihisi cha mvua kifunge shata hata kama STC inasema fungua.