MREJESHO: Kusogeza mshale kwa vitufe vya namba

Niliuliza: "Mausi ya kompyuta yangu ya mezani imekufa na kesho asubuhi nakabidhi ripoti. Natumia Windows. Nitabofyaje bila mausi?"

Wakuu, ripoti imekwenda. Nilibonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja, kidirisha kikatokea kuuliza kama nataka Mouse Keys, nikajibu kwa Enter. Kuanzia hapo, kwenye vitufe vya namba vilivyo kulia mwa kibodi, 8 inapandisha mshale, 2 inaushusha, 4 na 6 ni kushoto na kulia, na 7, 9, 1 na 3 zinaupeleka mshazari. 5 ndiyo kubofya, + ni kubofya mara mbili.

Kilichonisumbua ni kitufe cha kutoa. Ukibonyeza - halafu 5, unapata mbofyo wa kulia, lakini hali hiyo haiondoki yenyewe: kila 5 inayofuata inafungua menyu tu. Dawa ni kubonyeza / ili kurudi kwenye mbofyo wa kushoto.

Kuburuta ndiko kulikonifurahisha. Kuhamisha picha ndani ya ripoti, niliweka mshale juu yake, nikabonyeza 0 kuishika, nikausogeza, kisha nukta ikaiachia.

Mshale ukigoma na badala yake kielekezi cha maandishi kinaruka, angalia taa ya Num Lock. Kwangu lazima iwake. Namba za kawaida naandika kwa safu ya juu. Mwenye laptopu isiyo na vitufe vya namba pembeni, hii haitamfaa hivi hivi.