Jibu sahihi, maksi 1 kati ya 5: limiti inaingiaje ndani ya intigrali?

Mzee wa Chaki: Wakuu, kuna dogo namfundisha tuisheni, yuko mwaka wa kwanza chuo. Swali: limiti ya intigrali ya x^n/(1+x) kutoka 0 hadi 1, n ikienda infiniti. Akaingiza limiti ndani, akapata 0, na jibu ni 0 kweli. Kapewa 1 kati ya 5, kaandikiwa "hujaonyesha yunifomu", yaani kwamba pengo kubwa kuliko yote kati ya fankshoni na limiti yake, kwenye x zote kwa pamoja, linaenda 0. Hii ni haki?

Fundi Mkazo: Uonevu tu. Sisi mainjinia tunaingiza limiti ndani kila siku na madaraja yamesimama. Watu wa hesabu tupu wakikosa kazi wanatafuta pa kukata maksi.

Bi Epsiloni: Yamesimama kwa sababu kuna mtu wa hesabu tupu aliyeikagua fomula kabla haijafika kwenye hendibuku yako. Chukua nx(1-x^2)^n, 0 hadi 1. Shika x yoyote hapo, inaenda 0, kwa hiyo ukiingiza limiti ndani unapata 0. Sasa piga intigrali kwanza, weka u = 1-x^2, inatoka n/(2(n+1)), na hiyo inaenda nusu. n ikiwa 100 kuna kilima karibu na x = 0.07, kimo chake zaidi ya 4, na n ikiongezeka kinapanda juu huku kinajibana kushoto. Kila x inapitwa na kilima, ila eneo lake halipotei.

Kijana wa Posta: Mbona rahisi, ukibadilisha limiti za intigrali unaweka minasi mbele. Dogo kasahau minasi.

Mzee wa Chaki: Hizo ni limiti za juu na chini mkuu. Halafu minasi ya 0 ni ngapi?

Kitunguu Swaumu: Bi Epsiloni kamaliza, mwalimu katenda haki. Sheria ni moja, bila yunifomu hubadilishi. Ikiwepo, unaingiza limiti kwenye intigrali, kwenye derivativu, popote unapotaka.

Bi Epsiloni: Sijasema katenda haki, usiniwekee maneno mdomoni. Hiyo x^n/(1+x) yenyewe HAIENDI kwa yunifomu hapo! n = 100, weka x = 0.99, unapata kama 0.18. n = 1000, weka 0.999, bado 0.18 ileile, pengo linahamia tu kulia. Maana yake mwalimu anadai dogo aonyeshe kitu ambacho hakipo. Yunifomu inatosha, na hapo ni kwenye intavo yenye mwisho, ila siyo lazima. Dogo alitakiwa mstari mmoja tu: 1+x haishuki chini ya 1, kwa hiyo fankshoni iko kati ya 0 na x^n, intigrali haizidi 1/(n+1), basi.

Kitunguu Swaumu: Sawa, lakini derivativu hujagusa.

Bi Epsiloni: sin(nx)/n. Haizidi 1/n popote, inaenda 0 kwa yunifomu safi kabisa. Difrenshieti, unapata cos(nx), inacheza kati ya 1 na -1 na kwenye x = 0 imekaa 1 milele. Kwenye derivativu yunifomu inadaiwa kwa hizo derivativu zenyewe, na fankshoni ziwe zinatulia walau kwenye nukta moja.

Fundi Mkazo: Turudi kwenye hendibuku. Mimi nina miaka mingi saiti, sijawahi kukutana na kilima chako. Nilichokutana nacho ni sensa ya mtikisiko, data inaonekana laini kabisa, tukitafuta spidi kwa kudifrenshieti inatoka takataka mpaka tuchuje kwanza.

Bi Epsiloni: Kaka, hiyo ndiyo sin(nx)/n! Noizi ya 0.001 inayotikisika kwa radiani 10,000 kwa sekunde, derivativu yake inafika 10. Ulipiga intigrali data hiyohiyo ikatulia, ukaona kawaida.

Fundi Mkazo: Sasa umeona tunajua bila kuitwa yunifomu. Tunaweka filta, kazi inaendelea.

Mwanahewa: Filta unaichagua kwa kubahatisha au? Maana kuna mmoja alinichujia mpaka ishara yenyewe ikaondoka.

Fundi Mkazo: Huyo hakuwa injinia, alikuwa muuza filta.

Kitunguu Swaumu: Hata Cauchy aliwahi kudai limiti zinapishana bure, 1821 hivi, hakuna aliyemkata maksi.

Bi Epsiloni: Alidai jumla ya mfululizo usio na mwisho wa fankshoni zisizokatika, ukitulia, haikatiki. Abel akamletea mfululizo wa sin mwaka 1826, ukakatika. Kakatwa vizuri tu.

Mzee wa Chaki: Jamani, dogo akakate rufaa au asikate?

Bi Epsiloni: Akate, aandike kwamba sharti alilodaiwa halipo kwenye swali. Lakini asitegemee 5, maana hakutoa sababu yoyote. Mimi ningempa 2.

Fundi Mkazo: 2? Jibu sahihi 2? Ndiyo maana watoto wanakimbilia biashara.

Kijana wa Posta: Bado nasema minasi.