Naomba ushauri: baba ana ugonjwa sugu wa mapafu, anakataa chanjo ya mafua na ya nimonia

Wapendwa, habari zenu. Mwaka jana baba alichanjwa mafua makali. Usiku ule mkono ulimuuma, akawa na homa kidogo, kesho yake jioni ikaisha. Siku ya tano akaanza kukohoa makohozi ya kijani na kubanwa kifua. Tangu hapo anasema, "Sindano ndiyo iliyonipa mafua."

Daktari alimweleza kwamba virusi vya sindano ile vimeuawa, haviwezi kuambukiza, na kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka. Kwa hiyo aliambukizwa kwingine kabla haijakamilika. Mimi nimeelewa, mzee bado.

Sasa ameshauriwa achanjwe mapema, kabla ya msimu wa mafua, pamoja na ya nimonia siku hiyohiyo, kila moja mkono wake. Ya nimonia hairudiwi kila mwaka. Juzi amemaliza vidonge vya prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa mapafu, hana homa, na daktari anasema hilo halizuii kuchanjwa.

Waliochanjwa zote mbili pamoja, maumivu yalizidi? Na mlimshawishije mzee aliyekwisha kuogopa?