Simu ya Shangazi Mwanaidi haiwaki

Rehema, 18:52
Assalamu alaikum wa nyumbani. Ni Rehema, naandika kwa niaba ya mama. Simu yake tangu mchana inaonyesha nembo, inazima, inaonyesha nembo tena, haifiki popote. Alikuwa amebonyeza ipokee sasisho, umeme ukakatika, chaji ikaisha katikati. Picha zote za marehemu babu zimo humo, na hana kwingine.

Mjomba Rashidi, 18:55
Waalaikum salaam. Hilo dogo. Shika batani ya kuwasha na ya kuongeza sauti kwa pamoja, itatokea menyu nyeusi. Chagua "Wipe data/factory reset". Yangu iligoma hivyohivyo mwaka jana, ikapona mara moja.

Sele, 18:56
Rehema, hiyo usiiguse! Shikamoo mjomba, samahani kwa kukukata. Menyu ni hiyohiyo, na riseti mara nyingi inaponya. Lakini inafuta picha zote.

Mjomba Rashidi, 18:58
Marahaba. Si mafundi wana programu za kurudisha picha?

Sele, 19:01
Kwa simu za zamani ziliwezekana, mjomba. Za sasa zinaandika kila kitu kwa siri, na ufunguo wake umo ndani ya simu yenyewe. Ukiriseti, ufunguo unafutwa. Fundi hata akiibandua chipu na kuisoma, atakuta vurugu tupu. Ndiyo maana riseti naiweka mwisho kabisa, baada ya mengine yote kushindikana.

Bi Khadija, 19:03
Kama ni kurikava, mimi nilitumiwa meseji yenye namba, nikaziandika, akaunti ikarudi. Mwambieni Mwanaidi asubiri meseji.

Sele, 19:05
Shikamoo Bi Khadija. Hiyo ni ya kurudisha akaunti, hapa simu yenyewe ndiyo haiwaki. Ila umenikumbusha jambo. Rehema, muulize mama kama anakumbuka nywila ya Google. Tukifika kwenye riseti, simu ikiwaka itamdai akaunti ileile iliyokuwemo. Asipoijua, huenda asiweze kuitumia.

Rehema, 19:09
Hakumbuki, anasema aliyemfungulia ni Mjomba Rashidi. Na anahofia hela zake za M-Pesa.

Zuhura, 19:10
Hela zipo kwenye akaunti ya namba yake, hazimo kwenye simu. Itoeni laini muiweke kwenye simu ya batani, aangalie salio kwa namba yake ya siri.

Sele, 19:14
Sawa kabisa dada Zuhura. Sasa Rehema, ichomeke kwenye chaji yake, uiache saa nzima. Simu inayojizima na kujiwasha inakula betri, na betri ikiwa chini hata simu nzima haimalizi kuwaka. Wakati huo niangalizie kitu kimoja: nembo imetulia tu, au inafika kwenye ile inayocheza rangi?

Rehema, 19:16
Inafika inayocheza. Inacheza kama dakika 2, halafu inaanza upya.

Sele, 19:19
Hapo nina matumaini. Ingekuwa inakatika kwenye nembo iliyotulia, ningehofia mfumo wenyewe haukukaa sawa, au betri imechoka, au batani ya kuwasha imenasa. Ikifika inayocheza, mfumo umeshaanza, kinachoukwamisha kipo mbele kidogo. Nafasi ilikuwa imebaki kiasi gani?

Rehema, 19:20
Kila siku ilikuwa inaandika imejaa. Ni ya GB 32.

Mjomba Rashidi, 19:22
Hapo karibu na stendi kuna kijana anaflashi. Apelekewe.

Sele, 19:26
Bado mjomba. Kuflashi ni kuandika mfumo wa simu upya; kuna kunakoacha data na kunakofuta, na fundi mwenye haraka hakuulizi. Wapo pia wanaofungua kwanza kufuli la bootloader, ile programu inayouwasha mfumo, na hilo peke yake linafuta kila kitu. Akienda kwa fundi, sharti awe ametamka: picha zibaki.

Rehema, 20:24
Saa imetimia. Nifanye nini?

Sele, 20:26
Shika batani ya kuwasha na ya kupunguza sauti pamoja, hesabu mpaka 20. Huko ni kuilazimisha ianze upya, haifuti kitu.

Rehema, 20:31
Imerudi palepale.

Sele, 20:34
Sasa rikavari, ile menyu nyeusi ya mjomba, taratibu. Ikizima tu, shika kuwasha na kuongeza sauti. Nembo ikitokea achia ya kuwasha, endelea na ya sauti. Ukikuta kiroboti na maneno "No command", shika ya kuwasha kisha gusa kuongeza sauti mara moja. Ikiandika data imeharibika na kukupa "Try again" na "Factory data reset", chagua "Try again".

Rehema, 20:47
Nimeingia mara ya nne. Maandishi meusi na meupe.

Sele, 20:49
Hongera. Anza na "Reboot system now". Ikirudi kuzunguka, ingia tena utafute "Wipe cache partition". Hiyo inafuta makabrasha ya muda tu, picha haziguswi. Simu nyingine mpya hazina mstari huo; ukiukosa niambie, usichague wa jirani. Mara nyingi "Wipe data" imekaa mstari wa juu yake, na unashuka kwa batani ya sauti. Kabla ya kubonyeza kuwasha, soma mstari uliowaka kwa sauti, mama asikie.

Rehema, 20:58
Tumesoma wote wawili. Imeandika "Cache wipe complete". Nimeiwasha.

Rehema, 21:09
IMEFIKA KWENYE PINI! Mama analia.

Rehema, 21:13
Imejizima tena. Ilikaa dakika 3 hivi.

Zuhura, 21:14
Ya Rabi. Poleni.

Sele, 21:16
Msikate tamaa, imetuonyesha inaweza kufika. Nembo ikianza kucheza, shika ya kupunguza sauti usiiachie mpaka uione skrini ya pini. Chini pembeni iandike "Safe mode". Hapo apu zote alizopakua zimelala, zimebaki zilizokuja na simu.

Rehema, 21:25
Imekaa dakika 6 sasa, haijazima. Nafasi iliyobaki ni MB 140.

Sele, 21:28
Basi ama ni kujaa, ama ni apu mojawapo. Sasisho likiingia, simu inaziandaa apu upya, na inahitaji pa kuandikia. Siwezi kuapa ni ipi kati ya hizo mbili. Usifute chochote bado. Kuna memori kadi?

Rehema, 21:29
Ipo ya redio ya baba, GB 16, ina mawaidha. Chache tu.

Sele, 21:32
Itumbukize. Ikikuuliza iwe sehemu ya simu au ya kubebeka, chagua ya kubebeka, la sivyo itafuta mawaidha. Halafu nenda kwenye apu ya mafaili, nakili picha za babu kwanza. Nakili, usihamishe, umeme ukikatika katikati ya kuhamisha tutajuta.

Bakari, 21:36
Kaka, yangu iliwahi kuzunguka na safe mode haikukubali. Ingekuwaje?

Sele, 21:41
Ungeingia rikavari, ukachagua "Apply update from ADB", ukaunganisha na kompyuta yenye programu ya adb, ukaipa sasisho zima upya:

```
adb sideload sasisho.zip
```

Hiyo haifuti data. Ila faili liwe la modeli yako hasa, na lisiwe la zamani kuliko lililomo, la sivyo italikataa. Tatizo ni kulipata faili. Kampuni nyingine hazilitoi kwa watu.

Rehema, 21:50
Zimenakiliwa 310 kati ya 1,204. Imeleta ujumbe juu: sasisho liko tayari, niwashe upya?

Sele, 21:51
Hapana! Likatae mpaka zote ziingie, na kadi uisome kwenye simu nyingine uzione picha zinafunguka. Kisha tutafuta apu kubwa, tupate walau GB 4, ndipo tujaribu kuiwasha kawaida.

Mjomba Rashidi, 21:55
Ile nywila niliiandika kwenye kijitabu cha bluu, sidhani kama kimehama kabatini. Mwanaidi atazame droo ya chini.